Mama Bukuru Ni Nani? Jina la Nyumbani na Jina la Karatasi

(Muziki wa kufungua kipindi. Ushushwe taratibu. Msomaji aanze.)

Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza. Kama una watoto karibu, waache wakae, kwa sababu mazungumzo ya leo yanawahusu wao kabla ya kukuhusu wewe. Tunazungumza juu ya desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Zaituni, Baba Zaituni, Mama Furaha, Baba Furaha. Tutaona jinsi jina hilo linavyokaa na lile jina lililoandikwa kwenye karatasi yako ya usajili, na nini hutokea majina hayo mawili yasipokutana.

Tuanzie Bugarama. Nasema Bugarama ile ya kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, ile yenye Magara. Asubuhi mitumbwi inapotua na ndagala, wanawake wanaongoja ufukweni wanaitana kwa sauti. Sikiliza majina wanayotumia. Hutasikia Niyonzima wala Esperance. Utasikia Mama Bukuru, njoo uone hizi! Mama Zaituni, umepimiwa? Mwanamke anaweza kuishi miaka ishirini kwenye kilima kimoja, akauza mawese kila wiki sokoni, na nusu ya wateja wake wasijue jina alilopewa na baba yake.

Si dharau. Kinyume chake, ni heshima. Msichana akiwa kwao anaitwa kwa jina lake. Akiolewa, Warundi humwita muka fulani, yaani mke wa fulani. Akizaa mtoto wa kwanza, anakuwa mama wa mtoto huyo, na mumewe anakuwa baba wa mtoto huyo. Kuanzia hapo, kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu mbele ya watoto au wakwe huonekana ni utovu wa adabu. Ng'ambo ya ziwa, Fizi na Uvira, ni hivyo hivyo. Tanzania ni hivyo hivyo. Waarabu nao wana Abu fulani na Umm fulani, na ndugu zetu Waislamu wa Rumonge wanayajua majina hayo kutoka kwenye habari za masahaba.

Lakini tazama desturi hii inamfanyia nini mtoto mdogo. Jirani anamwita mama yake Mama Bukuru. Baba anamwita Mama Bukuru. Muuza duka, mwalimu wa Jumapili, mke mwenza, wote wanamwita Mama Bukuru. Mtoto wa miaka mitano, ukimwuliza mama yako anaitwa nani, atakujibu Mama Bukuru. Hajadanganya wala hajasahau. Amekupa jina ambalo mama yake anaitwa kweli. Tatizo ni kwamba jina hilo haliko kwenye karatasi yoyote.

(Muziki mfupi, sekunde tano.)

Sasa nitakupa mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua. Watu wake ni wa kutunga, na majina yao nimeyachagua kwa sababu ni ya kawaida sana. Lakini safari yenyewe wengi wenu mliipita.

Mnakumbuka Mei 2015. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbia na kufika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukweni, karibu kabisa na mpaka, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Watu walilala mchangani. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawachukua watu kwa awamu hadi Kigoma, na kutoka Kigoma wakapelekwa Nyarugusu. Katika msongamano kama ule, mtoto anaweza kupanda na jirani leo, mama yake akabaki nyuma na mtoto mchanga mwenye homa.

Tuseme mtoto huyo ni mvulana wa miaka sita. Anafika kambini na jirani. Mwandikishaji anamwuliza jina lake. Anasema Ciza. Anamwuliza jina la mama. Anasema Mama Bukuru. Bukuru ni nani? Kaka yangu. Una ndugu mwingine? Butoyi. Mnatoka wapi? Bugarama.

Inaonekana ni habari nyingi: jina la mtoto, jina la mama, ndugu wawili na mahali. Lakini msikilizaji Mrundi ameshaona shida iko wapi. Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha. Yule aliyetangulia kuzaliwa ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi. Na Ciza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Ni kama Tanzania kwa Kulwa na Doto: jina linaeleza nafasi ya mtoto katika uzazi. Kwa hiyo kila mwanamke wa Burundi aliyeanza na mapacha, kisha akapata mtoto mwingine, anaweza kuwa Mama Bukuru mwenye Butoyi na Ciza. Kijana wetu ametoa majina matatu, na yote matatu yanasema jambo moja tu: mama yangu alizaa mapacha, halafu akanizaa mimi. Katika kambi yenye makumi ya maelfu ya watu, akina mama hao si wachache.

Na Bugarama? Bugarama nayo si moja. Iko hiyo ya ziwani. Iko Bugarama ya juu milimani, upande wa Muramvya, penye soko la mboga ambapo magari husimama. Iko Bugarama nyingine Rwanda, katika wilaya ya Rusizi. Tena, hata Bugarama yetu ya ziwani imebadilishiwa mkoa. Zamani ilikuwa Bujumbura Vijijini. Mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015, ikahamishiwa huko. Na mwaka 2025 mikoa yote 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na mkoa wa Rumonge wenyewe haupo tena. Kwa hiyo mama anaweza kuandikisha mkoa wa zamani, mtoto akaandikishwa mkoa wa baadaye, na wote wawili wakawa wanasema juu ya kilima kile kile.

Sasa twende upande wa mama. Yeye anafika siku tisa baadaye. Anaulizwa jina, anasema Niyonzima Esperance. Ni sahihi kabisa. Ndilo jina la kwenye kitambulisho chake. Anaulizwa kama ana jina jingine analojulikana nalo. Anasema hapana. Kwa nini? Kwa sababu mbele ya meza, mbele ya mtu mwenye kalamu, anaona aibu kutaja jina la ufukweni. Anafikiri watu wa ofisi wanataka jina la serikali tu.

Hapo ndipo palipo na pengo. Upande mmoja kuna karatasi inayosema mtoto Ciza anamtafuta Mama Bukuru. Upande mwingine kuna karatasi inayosema Niyonzima Esperance anamtafuta mtoto, na mtoto huyo ameandikwa kwa jina lake la ubatizo, Jean Claude, ambalo yeye mwenyewe hulisikia kwa nadra. Karatasi hizo mbili zinaweza kukaa kwenye kabati moja na zisijuane.

(Muziki mfupi.)

Pengo hili huzibwa vipi? Wanaofanya kazi ya kuunganisha familia zilizopotezana, Msalaba Mwekundu na wenzao, wana njia yao, na wewe pia unaweza kuitumia ukikutana na mtoto aliyepotea.

Usimwulize mtoto jina halisi la mama ni nani. Kwake yeye, Mama Bukuru ndilo halisi. Mwulize hivi: kuna mtu anayemwita mama kwa jina tofauti? Bibi akija kutembea, bibi mzaa mama, anamwitaje? Shangazi je, na mama mkubwa? Kumbuka heshima niliyoieleza mwanzoni. Wakwe na majirani huliacha jina la mwanamke, lakini wazazi wake mwenyewe na dada zake wakubwa hawana sababu ya kuliacha. Nyumbani kwao bado ni yule yule binti. Kwa hiyo kijana wetu, akiulizwa juu ya bibi, anafikiri kidogo kisha anasema: bibi humwita Espe.

Swali la pili ni mahali ambapo jina husomwa kwa sauti. Kanisani wanamwitaje? Msikitini, darasani kwa akina mama? Kwenye kituo cha afya, muuguzi anapoita watu kwa zamu, mama anasimama likiitwa jina gani? Watoto wengi wamebebwa mgongoni katika foleni hizo, na wamelisikia jina bila kujua kwamba ni jina.

Swali la tatu ni yale yanayotofautisha Mama Bukuru huyu na Mama Bukuru mwingine. Baba anafanya kazi gani? Anavua usiku kwa taa, au analima? Nyumbani mnaona ziwa? Mnakwenda soko gani? Mtoto akisema baba huenda ziwani usiku na mama huuza Magara, Bugarama ya milimani imeshaondoka, na ya Rwanda pia.

Sasa tuna Espe, mapacha kisha Ciza, baba mvuvi, soko la Magara. Na upande wa mama, mtu anayemsaidia anamwuliza swali dogo tu: mama, sokoni wanakuitaje? Anacheka, kisha anasema Mama Bukuru. Linaandikwa. Sasa karatasi mbili zinaweza kukutana.

Hata hapo, mtoto hakabidhiwi siku hiyo hiyo kwa sababu majina yamefanana. Mama anaulizwa peke yake, mtoto peke yake, na hakuna anayetajiwa jibu la mwenzake. Kovu la mtoto liko wapi, lilitokana na nini? Pacha yupi anatumia mkono wa kushoto? Majibu yakilingana, ndipo wanaonana. Ukiona wanakuuliza mengi namna hiyo, usikasirike. Wanamlinda mwanao asichukuliwe na mtu mwingine ambaye naye anaitwa Mama Bukuru.

Redio nayo ina historia katika jambo hili. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichosoma majina ya watu waliokuwa wakitafutana. Kikaitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Fikiria unasikiliza redio kama hiyo, na wanasoma jina tupu la karatasi la mtu ambaye wewe unamjua kama Mama Zaituni. Linapita masikioni mwako na hushtuki. Wakisoma na lile la Mama Zaituni wa soko fulani, utasimama.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye karatasi yako mwenyewe. Nitataja makosa matatu ninayoyajua, na namna ya kuyaona.

Kosa la kwanza ni jina la mtoto kugeuka kuwa jina la ukoo wako. Mwandikishaji anauliza: unaitwa nani? Mama anajibu: Esperance, Mama Bukuru. Mwandikishaji anaandika Esperance Bukuru. Hana nia mbaya. Kwake, Mtanzania, mtu hufuatisha jina lake na la baba yake, kisha la babu. Yeye amedhani Bukuru ni baba. Lakini sasa mama ana jina la mwanawe wa kiume, na siku atakapohojiwa juu ya kurudi nyumbani au juu ya kuhamia nchi nyingine, kitambulisho chake cha Burundi kitasema Niyonzima na karatasi ya kambi itasema Bukuru. Atatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja.

Hapa kuna jambo la kueleza mapema ukiwa Mrundi. Kwetu, kila mtu hupewa jina lake mwenyewe. Baba anaweza kuwa Ndayizeye, mwana akawa Nshimirimana, binti akawa Nizigiyimana, na mke hachukui jina la mume. Mwandikishaji asiyejua anaweza kushangaa na kuuliza kama kweli ni familia moja. Usibuni jina la ukoo ili kumridhisha. Sema tu: kwa desturi yetu, baba na mtoto hawashiriki jina. Halafu taja jina la kila mmoja kama lilivyo kwenye karatasi yake ya kuzaliwa au ya ubatizo.

Kosa la pili ni tahajia. Kirundi huandika c kwa sauti ambayo Kiswahili huandika ch. Kwa hiyo Ciza kwenye karatasi ya Burundi huandikwa Chiza na Mtanzania anayefuata sikio lake. Bukuru huandikwa Bukulu. Butoyi huandikwa Butoi. Kwa sikio ni mtu yule yule. Kwa mashine inayotafuta majina, ni watu wawili. Usitamke tu. Kama una karatasi yoyote yenye jina, hata kadi ya kliniki iliyochakaa, iweke mezani wanakili herufi kwa herufi. Kama huna karatasi, tamka herufi moja moja, na kama hujui kusoma, nenda na anayejua. Kabla ya kuweka kidole, omba usomewe kilichoandikwa.

Kosa la tatu ni lile la kuficha jina la nyumbani kwa kuliona halina maana. Kanuni ni rahisi. Kwenye nafasi ya jina, weka jina la karatasi peke yake. Ukiulizwa jina jingine unalojulikana nalo, hapo ndipo pa kusema Mama Bukuru. Na unapojaza fomu ya kumtafuta mtu, mtajie jina la karatasi, jina la nyumbani, na jina la mtoto wake wa kwanza hata kama mtoto huyo hayupo kambini.

Nisimame kidogo hapo, maana wapo wanaoumia nikisema hivyo. Kuna akina mama kati yenu ambao yule mtoto wa kwanza alifariki, njiani au kabla ya safari. Majirani bado wanakuita kwa jina lake, na pengine wewe mwenyewe hutaki waache. Mtoto huyo hatakuwa kwenye orodha ya watu wa nyumba yako, kwa sababu orodha hiyo, na mgao unaoifuata, ni ya walio hai. Lakini jina lake bado unaweza kulitaja kama jina unaloitwa. Si udanganyifu. Mwambie mwandikishaji wazi kwamba mwanangu huyu alifariki, lakini watu wananijua kwa jina lake. Shemeji yako aliyeko Lusenda, ng'ambo ya ziwa, akikutafuta, atakutafuta kwa jina hilo.

Na wapo wasiotaka kutafutwa. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume mkali, kuna mtu anayejua fika kwamba anayemwulizia hamtakii mema. Jina la nyumbani ndilo linalojulikana na kila mtu, hivyo ndilo linaloweza kukufichua upesi. Mweleze mhusika faragha, si kwenye foleni. Msalaba Mwekundu wakikupata kwa niaba ya mtu anayekutafuta, hukuuliza kwanza kama unakubali ajulishwe ulipo. Ukikataa, hawampi anwani yako. Na huduma hiyo hailipiwi. Mtu akikudai pesa kwa ajili ya kukutafutia mwanao, huyo si wao.

Kama kosa tayari liko kwenye karatasi yako, nenda kwenye dawati la usajili uombe lirekebishwe, na uende na chochote chenye jina sahihi. Usingoje siku ya mahojiano makubwa. Marekebisho yaliyoombwa mapema huonekana ni marekebisho. Yale yanayoombwa siku ya mahojiano huleta maswali. Na usichome wala kutupa karatasi ya zamani yenye kosa. Inaonyesha kwamba Esperance Bukuru wa mwaka ule na Niyonzima Esperance wa leo wana alama moja za vidole na namba moja.

(Muziki uanze kwa chini.)

Mpenzi msikilizaji, tunamaliza. Kuna jambo moja la kufanya leo usiku kabla ya kulala. Mwite mtoto wako mdogo kuliko wote anayeweza kusema vizuri. Mwulize: mama yako anaitwa nani? Akijibu Mama Bukuru, mwambie ndiyo, ni kweli. Kisha mfundishe na lile la pili. Mimi ni Niyonzima Esperance. Baba yako ni fulani. Kwetu ni Bugarama, ile ya ziwani, kilima fulani. Jina lako wewe ni Ciza, na kanisani ni Jean Claude. Msemeshe kila jioni kama wimbo mpaka alitamke bila kusaidiwa. Ukisikia analitamka vibaya, mrekebishe, usimcheke.

Kesho yake majirani wataendelea kukuita Mama Bukuru, na mtoto ataendelea kukuita mama. Hakuna kitakachobadilika, isipokuwa yeye atakuwa analijua jina lako.



(Muziki wa kufunga kipindi.)